Mstari wa Hamsini na Nane

Watu wakiniuliza kwa nini sitoki nyumbani, huwaambia kuwa nilitoka siku moja nikiwa kijana, nikaenda hatua mia mbili, na mpaka leo dada yangu hajanisamehe. Wanacheka, wakidhani ni mzaha wangu wa kila siku. Na wacheke. Majina ya waliohusika siyataji, ingawa kisa chenyewe ni cha majina matupu tangu mwanzo hadi mwisho.

Wakati huo nilikuwa nimerudi Amu kutoka skuli ya Mombasa, na elimu yangu ilikuwa kubwa kuliko haja ya mji. Nilijua herufi za Kiarabu na za Kizungu, na kazi yangu ilikuwa kuwaandikia watu barua ukumbini mwangu, nikiwa nimekaa juu ya mkeka, kahawa mkono wa kulia, mto mgongoni. Mke wangu alisema mkeka ule umechukua umbo langu. Vijana waliniita paka wa mekoni. Sikukasirika, maana paka wa mekoni hashindi na njaa.

Siku moja alikuja askari wa Liwali. Karani wa Liwali alikuwa kitandani kwa homa, na Liwali alikuwa na karatasi inayotaka kuhesabiwa. Nikamwambia askari na mimi ni mgonjwa. Akanitazama, akaitazama kahawa, akasema, "Vaa kanzu."

Shauri lenyewe lilikuwa hili. Tajiri mmoja wa chokaa alitaka kujenga tanuu katika kiwanja kilichokuwa mtaa wa pili na wetu. Kiwanja kile kilipakana ukuta kwa ukuta na nyumba ya Bi Mwalimu, mama mtu mzima aliyefundisha watoto Kurani ukumbini mwake. Chokaa huchomwa kwa matumbawe juu ya rundo la magogo ya mikoko, na moshi wake ukiingia ndani hautoki; mtu hukohoa mpaka akasahau sura aliyokuwa akiisoma. Wazazi walikwisha sema: siku tanuu litakapowashwa, watawaondoa watoto wao. Na Bi Mwalimu hakuwa na mume wala shamba. Chuo kile ndicho kilichokuwa chakula chake na ndicho kilichokuwa heshima yake.

Basi mtaa ukaandika waraka kwa Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, kuomba tanuu lipelekwe nje ya mji. Bwana DC akajibu kwa masharti. Mtaa una nyumba mia moja na nane. Akipata zaidi ya nusu, yaani hamsini na tano, tajiri atahama. Nyumba moja, mstari mmoja. Mtu mmoja, sahihi moja. Jina lisilosomeka lisihesabiwe, ila mwenyewe aje athibitishe mbele ya Liwali. Mstari mpya usiongezwe. Mume au ndugu aweza kumtilia mwenye nyumba mkono, mradi mwenye nyumba hakukataa. Na hesabu imalizike siku ile ile kabla ya alasiri.

Nilipofika barazani saa mbili asubuhi, tajiri alikuwa amekwisha kaa, fimbo katikati ya magoti. Alinitazama kama mtu anayetazama samaki wa juzi.

"Huyu ndiye?" akamwuliza Liwali. "Huyu ana dada yake mtaa ule."

"Bwana," Liwali akamjibu, "nikitafuta mtu wa Amu asiyekuwa na dada mtaa ule, itabidi nimwite punda aje ahesabu."

Watu wakacheka. Tajiri hakucheka. "Haya. Lakini nitamtazama vidole."

Na kweli alinitazama vidole. Upande wa pili wa baraza walikaa wanaume wa mtaa, nao walinitazama vivyo hivyo. Miongoni mwao alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyefanya biashara ya samaki wakavu. Kila wiki mbili alisafiri Kizingitini siku tatu nne kununua mzigo. Alinikonyeza nilipoketi. Bi Mwalimu alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la mlango, na sikumwona. Lakini nilisikia akikohoa kile kikohozi chake cha kuonya, na nyayo za miguu yangu zikawasha. Alikuwa amenifundisha kusoma, na kila herufi niijuayo niliilipia kwa nyayo.

Waraka ulikuwa karatasi tatu zilizounganishwa kwa gundi, umepita kwanza msikitini baada ya sala ya Ijumaa, kisha mlango kwa mlango mkononi mwa muadhini. Safu ya kulia jina, ya kati sahihi au alama ya kidole gumba, ya kushoto nyumba: karibu na kisima fulani, nyuma ya msikiti fulani. Karatasi ilikwisha pita mikono mingi ikiwemo ya kula halua.

Nilianza kwa kuupa kila mstari namba pembeni kwa kalamu ya risasi. Ikawa sabini na moja. Nikamsomea Liwali, tajiri naye akahesabu kwa ncha ya fimbo, akapata sabini na mbili, akarudia, akapata sabini na moja, akanichukia zaidi.

Kisha nikakata vipande vya karatasi. Kila kipande jina moja, la baba, la babu, nyumba, na namba ya mstari. Nikavipanga mkekani kwa herufi ya kwanza, ili majina yanayofanana yalale pamoja. Katika mji wetu hii si kazi ndogo. Nusu ya wanaume wana jina moja, na nusu iliyobaki wana jina la baba wa ile nusu ya kwanza. Ukiita jina barazani huitikiwa na watu wanne na mmoja aliye njiani.

Yakatoka majozi saba. Majozi mawili yalikuwa watu wawili kweli: jina moja, baba jina moja, lakini babu mbali na nyumba mbali, na kila mtu aliwajua. Nikawaacha. Tajiri akanguruma, "Jina moja, mtu mmoya!" Liwali akamwambia, "Bwana, hata wewe una jina la marehemu mjomba wangu, na yeye alikuwa mtu mwema." Majozi matano yalikuwa mtu yule yule wa nyumba ile ile: wazee waliotia mkono msikitini Ijumaa, wakasahau, wakatia tena muadhini alipobisha hodi Jumatatu. Nikafuta mistari mitano. Mzee mmoja akainuka kwa hasira.

"Nimetia mkono mara mbili kwa sababu nalitaka mara mbili!"

"Babu, Bwana DC hahesabu kutaka."

"Na wewe unahesabu nini? Umekaa kwako miaka yote kama kiti, leo umetolewa nje unakata watu majina!"

Wakabaki sitini na sita. Nikaingia katika yasiyosomeka. Manne yalikuwa yamelowa mafuta hata wino umekuwa wingu. Matatu yalikuwa alama za vidole bila jina, moja juu ya nyingine. Mawili yaliandikwa "mwana wa marehemu" na jina la baba tu, na marehemu wale walikuwa wameacha wana kama makumbi. Matano yalikuwa mchirizo wa kalamu usio na nukta hata moja, ambao kwa nia njema ungeweza kuwa jina lolote, na kwa nia mbaya ungeweza kuwa mnyoo. Jumla kumi na nne. Nikasoma namba zake na nyumba zake kwa sauti, mpiga mbiu akatoka nazo mitaani kuwaita wenyewe. Zikabaki hamsini na mbili.

Tajiri akatabasamu kwa mara ya kwanza. Wanaume wa mtaa wakanitazama kama niliyekojoa kisimani.

Ilikuwa yapata saa nne, nikingoja wenye mistari michafu waje, nilipofanya kosa la kuutazama tena waraka wakati hakuna aliyeniomba. Nilikuwa navutiwa na maandishi tu, kama mtu avutiwavyo na mapishi ya jirani. Nikaona mstari wa kumi na tisa, wa shemeji yangu, kwa nyumba ya dada yangu. Herufi yake ya mwisho ilikuwa na mkia mrefu uliopinda juu kama ndoana. Mkia ule niliujua. Tulikaa ubao mmoja chuoni, yeye na mimi, na Bi Mwalimu alimchapa mwaka mzima kwa mkia ule, naye hakuuacha.

Nikashuka na macho. Mstari wa hamsini na nane, jina jingine kabisa. Nalo lilikuwa na ndoana ile ile.

Jina lile nililisoma mara tatu. Lilikuwa jina la utotoni la shemeji, ambalo bibi yake pekee alimwitia, na mahali pa baba palikuwa na jina la babu. Kwa hiyo vipande vyangu havikukutana mkekani. Na nyumba ilikuwa ya mjane mmoja kijana aliyerithi kwa babake, mtaa huo huo, njia mbili tu kutoka kwa dada yangu.

Nikaelewa Kizingitini kuko wapi.

Nataka niseme nilifikiri mambo makubwa. Sikufikiri. Nilifikiri mkeka wangu. Mwanamume ana ruhusa ya kuoa, na wengi huoa ndoa ya siri; muadhini amebisha mlango, amemkuta ndani na kikoi, mtu afanyeje? Amekubali kutia mkono kama mtu mwingine, na muadhini amemsitiri. Nikamtazama shemeji. Naye alikuwa akinitazama mimi, na safari hii hakukonyeza. Nikaufunika mstari ule kwa kiganja, nikaomba maji.

Walikuja watatu kati ya kumi na wanne. Mmoja akaapa kwamba wingu la mafuta ni yeye, akataja jina na nyumba, tukaona mkia wa jina lake kweli chini ya doa. Wawili walikuwa wana wa marehemu, kila mmoja na shahidi. Waliobaki hawakuja. Wengine walikuwa baharini. Wengine, wote tulijua, walikata matumbawe kwa ajira ya tajiri, na tajiri alikuwa amekaa pale na fimbo.

Hamsini na mbili na tatu. Nikaitamka adhuhuri: hamsini na tano.

Baraza likalipuka. Nyuma ya pazia Bi Mwalimu akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Na mimi, mwenzenu, nikaanza kukusanya vipande vyangu haraka haraka kama mwizi wa maembe.

"Ngoja," tajiri akasema. "Aapishwe."

"Nini?" Liwali akauliza.

"Karani aape. Ashike Msahafu aseme: katika hawa hamsini na tano hakuna mtu aliyehesabiwa mara mbili. Akiapa naondoka na kuni zangu."

Liwali akanyoosha mkono, Msahafu ukaletwa. Ombi lilikuwa halali. Nikaangalia mlango, ukawa mbali. Shemeji akatikisa kichwa polepole: apa. Wanaume wote wa mtaa wakasubiri neno dogo ambalo mtoto wa miaka sita angelitamka.

Nimekuwa mwoga maisha yangu yote, na siku ile uwoga ndio uliosema kweli. Niliogopa Msahafu kuliko nilivyomwogopa shemeji.

"Siwezi," nikasema. "Mstari wa kumi na tisa na wa hamsini na nane ni mkono mmoja."

Shemeji akainuka. "Muongo! Hamsini na nane si mimi! Mnamsikiliza mtu asiyejua hata mlango wa sokoni?"

"Kama si wewe," tajiri akasema kwa utamu, "basi ni mtu wa uongo, na mstari wa uongo hufutwa. Kama ni wewe, umehesabiwa mara mbili, na hufutwa. Chagua, bwana. Mimi zote mbili ni ndia moya."

Sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Nileteeni waraka."

Liwali mwenyewe aliupitisha. Tulimsikia akiukunjua. Hakukaa nao muda mrefu.

"Mkono huu nimeuchapa mimi," Bi Mwalimu akasema. "Mtu mmoya. Futeni."

Alijua anachosema. Hamsini na nne. Tajiri alicheka mpaka akashika mbavu, akasema hajapata kuona mtu akizima taa yake mwenyewe kwa pumzi yake mwenyewe. Mzee mmoja wa mtaa alimwita Bi Mwalimu mpumbavu, barazani, mbele ya Liwali. Mimi waliniita majina ambayo hata vipande vyangu visingetosha.

"Bwana Liwali," Bi Mwalimu akaendelea, kana kwamba hakusikia. "Nina suala. Mstari wa hamsini na nane, nyumba ile ni ya nani?"

Nikasoma safu ya kushoto. Nikataja nyumba. Minong'ono ikaanza kona hadi kona, kama mchwa kwenye boriti. Shemeji akaketi.

"Nyumba ni ya mwenyewe, mwanamke, kwa urithi wa babake," Bi Mwalimu akasema. "Mume alitia mkono kwa niaba tu. Akifutwa yeye, mstari haujafa. Jina la mwenyewe halisomeki pale, basi mwenye nyumba na aje athibitishe. Si ndiyo amri ya Mzungu?"

"Wanawake?" tajiri akafoka. "Sasa tutahesabu wanawake?"

Liwali akagusa muhuri wake. "Hati za nyumba zao nimezipiga muhuri mimi," akasema. "Sheria yawajua. Mpaka adhana ya alasiri."

Bi Mwalimu akatoka kwa mlango wa nyuma. Sikujua ameenda kwa nani kwanza. Nilidhani kwa mjane. Kumbe alikwenda kwanza kwa dada yangu, akaketi naye chini, akamwambia mwenyewe kabla mtaa haujamwambia. Haya nilikuja kuyajua baadaye, kwa kuwa yaliyosemwa pale hakuna mwanamume aliyeyasikia.

Shemeji alinisogelea. Pumzi yake ilikuwa ya kahawa na ghadhabu. "Ungekaa kwako," akaninong'oneza. "Maisha yako yote umekaa kwako. Ni lipi lililokutoa leo?"

"Askari," nikamwambia.

Alinyanyua mkono, Liwali akakohoa, mkono ukashuka.

Adhana ilikuwa karibu pazia lilipotikisika. Kulikuwa na miguu zaidi ya miwili ndani. Bi Mwalimu akasema, "Andika, karani. Mwenye nyumba wa hamsini na nane yupo." Mashahidi wawili waliojua sauti yake walithibitisha, kisha kidau cha wino na waraka vikaingia, na waraka ukarudi na alama ya kidole gumba, ndogo, safi, mistari yake yote ikionekana. Nikaandika jina lake pembeni. Niliandika kwa pupa, na ikiwa kuna Mzungu aliyelisoma jina lile, basi Mungu amlipe.

"Hamsini na tano," nikasema.

"Bado," ikasema sauti nyingine nyuma ya pazia, na sauti ile nimelelewa nayo. "Mstari wa kumi na tisa. Nyumba ni yangu. Nimepewa na babangu siku ya harusi yangu, na karani wako ajua, alikuwapo akila pilau. Huyo aliyenitilia mkono simtaki. Mfuteni. Niandike mwenyewe."

Tajiri akaona mwanya. "Akiondolewa mume ni hamsini na nne!"

"Na akiingia mwenye nyumba ni hamsini na tano," Liwali akasema. "Mpe kalamu."

Dada yangu hakutia kidole. Aliandika kwa herufi alizofundishwa na Bi Mwalimu, jina lake, la baba yetu, la babu yetu, kila nukta mahali pake. Ndilo jina lililosomeka kuliko yote katika karatasi zile tatu. Mimi nikachukua wino mwekundu, nikapiga mstari juu ya jina la shemeji mahali pa kwanza, kisha mahali pa pili. Alikuwa akinitazama nikifanya hivyo. Kisha akajifunga kilemba, akatoka, na hakuna aliyempisha kwa haraka.

Niliapa. Liwali akapiga muhuri. Tajiri alitema mate kizingitini mwa Liwali, jambo ambalo lilimharibia zaidi ya tanuu, na siku chache baadaye jibu la Bwana DC lilitoka: kuni zipelekwe nje ya mji, upande usio na upepo. Chuo kikaendelea. Nilipita pale mara moja, nikasikia watoto wakisoma kwa kelele, na Bi Mwalimu akinipigia kelele kutoka ndani kwamba nimeupunguzia mtaa wote majina kumi na sita kwa siku moja, na nisipite tena mpaka nijifunze adabu. Hiyo ndiyo shukrani niliyopata.

Lakini siku ile ya hesabu, nilipokuwa nakusanya vipande vyangu, dada yangu alipitia mlango wa mbele akiwa amejifunika. Akasimama mbele yangu. Niliona macho tu.

"Ulijua saa ngapi?" akauliza.

Nikasema, "Saa nne."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu."

"Saa tano nzima," akasema. "Saa tano ulikaa na aibu yangu chini ya kiganja chako, ukaomba maji; Bi Mwalimu alikuona kwa upenyo wa pazia. Na kama yule mwenye fimbo asingetaka uape, ungekwenda nayo nyumbani."

Alipita, akageukia njia ya kwa Bi Mwalimu badala ya njia ya kwake, na mimi nikabaki barazani nimeshika vipande sabini na kimoja, sijui niviweke wapi.